Tamasha la Usiku Dodoma: Mnavaa kwa Ajili ya Getini, Baridi Inawasubiri Saa Nane

Haya wadau wa mitoko, leo nina langu moyoni, na najua kuna watakaonuna. Kila msimu wa matamasha ukifika hapa Dodoma naona sinema ile ile. Saa moja jioni getini watu wamependeza hadi raha, mgongo wazi, kitovu nje, jinzi imechanwa magotini, kiatu cha kuchuchumia, picha zinapigwa. Ukirudi kuwatafuta watu hao hao saa nane usiku, nusu yao hawapo mbele ya jukwaa. Wamejikunyata pembeni, mikono kwapani, wanagombea joto la jiko la mama anayekaanga chipsi. Na hapo msanii waliyemlipia kiingilio ndiyo kwanza anapanda.

Mimi ni mtu wa Majengo, nimezaliwa na baridi hii na vumbi hili. Kwa hiyo niseme wazi: tatizo letu siyo kwamba hatujui kuvaa. Tunajua sana. Tatizo ni kwamba tunavaa kwa ajili ya saa moja jioni, halafu shoo yenyewe iko saa nane usiku, na hizo ni hali ya hewa mbili tofauti ndani ya usiku mmoja.

Tuanze na jiji lenyewe. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na ni nchi kavu. Mwezi wa saba mchana unaweza kufika nyuzi 26 au 27, jua linawaka, unasema leo hakuna baridi. Jua likizama saa kumi na mbili na nusu hivi, mambo yanabadilika haraka. Anga halina mawingu, hewa haina unyevu wa kushika joto, basi ardhi inapoa kama sufuria iliyoondolewa jikoni. Kuelekea alfajiri unacheza kwenye nyuzi 14 au chini ya hapo, na upepo juu. Mwenzako wa Dar usiku huo huo yuko kwenye nyuzi 19 au 20, na hewa nzito ya bahari. Ndiyo maana nguo uliyoiona kwenye picha za tamasha la ufukweni haiwezi kuhamia hapa kama ilivyo.

Halafu kuna hili la mastaa, na jina sitaji. Kuna dada mmoja mkubwa tu kwenye muziki wetu alipanda jukwaani hapa mjini na kinguo ambacho ukikikunja kinaingia kwenye kiganja. Watu wakachizi. Tamasha lililofuata, wasichana wa mjini nusu wamekuja na kinguo kama kile. Sasa jamani, mimi siku ile nilikuwa nimesimama upande wa ngazi za jukwaa, nikaona kitu ambacho kamera haikuonyesha. Kabla ya kupanda alikuwa amejifunga koti refu hadi magotini. Akalivua, kijana mmoja akalishika. Akaimba na kuruka dakika kama arobaini chini ya mataa yanayochoma, akashuka, koti likarudi mwilini kabla hata hajafika chini, gari liko tayari limewashwa. Ile ilikuwa sare yake ya kazi ya dakika arobaini. Wewe umesimama saa saba, huna wa kukushikia koti, na gari lako ni bodaboda.

Nikupe mkasa wa nyumbani. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anasoma chuo hapa hapa Dodoma. Mwaka jana mwezi wa saba alikuja kulala kwangu Majengo ili tutoke pamoja. Akavaa kitopu cha pamba cheusi kilichombana vizuri, sketi fupi ya jinzi, na sendo zenye kisigino na mkanda mmoja mwembamba wa kifundoni. Nilimwambia, “Mdogo wangu, beba hata sweta.” Akanijibu, “Dada, sweta litaua mtoko.” Nikanyamaza, maana hata mimi nilikuwa hivyo hivyo.

Saa mbili usiku alikuwa sawa kabisa. Saa nne tulikuwa katikati ya watu, tumebanana bega kwa bega, na hapo hakuna baridi. Mwili wa binadamu ni jiko. Ukiwaweka watu mia kadhaa wanaocheza sehemu moja, katikati yao panakuwa joto la kutosha kutoa jasho la kudondoka. Mdogo wangu alilowa. Mimi nililowa. Tukacheka, tukasema Dodoma gani hii yenye baridi.

Saa saba hivi wakawa wanabadilisha vyombo jukwaani, shoo ikasimama, akatoka pembeni kununua maji. Hapo ndipo alipokutana na Dodoma. Kile kitopu cha pamba kilikuwa kimenyonya jasho lote la saa tatu, na pamba ikishanyonya maji haiyaachii kirahisi. Upepo ulipopiga, jasho likaanza kukauka juu ya mwili wake, na jasho linapokauka linaondoka na joto la mwili. Hewa yetu ni kavu, kwa hiyo kazi hiyo inaenda haraka kuliko pwani. Ndani ya dakika kumi alikuwa anatetemeka meno yanagongana. Msanii aliyemlilia mwezi mzima alipanda saa nane kasoro, na yeye alikuwa amekaa kwenye kiroba cha mkaa karibu na jiko la chipsi, amejifunika kanga ya mama wa watu. Akasikia nyimbo zote kwa mbali, kama redio ya jirani.

Nilipofikiria baadaye nikagundua kitu. Mdogo wangu hakupigwa na baridi kwa sababu nguo zake zilikuwa fupi tu. Kaka mmoja jirani yetu alikuja na tisheti nzito ya pamba, mikono mirefu, na juu yake sweta zito la kofia, naye aliishia vile vile. Yeye alilowa zaidi, maana alikuwa amejifungia joto ndani, hadi akavua sweta akalishika mkononi, akalikalia, likakanyagwa. Alipotoka nje lile tisheti lilikuwa kama kitambaa cha kudekia. Nguo nyingi mwilini, na bado anatetemeka.

Kwa hiyo wale wazazi wanaosema “vaa koti zito ukae salama” nao hawajapatia. Koti zito katikati ya umati ni mateso. Unatoka jasho, maji ya kunywa hayakufikii, umesimama muda mrefu, watu wamekubana. Hapo ndipo watu wanapoanza kuona giza na kuanguka. Koti la ngozi ndiyo kabisa, halipitishi jasho, halikunjiki, na ukilivua huna pa kuliweka.

Msimamo wangu ni huu: mtoko wa usiku Dodoma unaanzia nguo ya ndani kabisa, ile inayogusa ngozi. Hiyo ndiyo itakayoamua kama saa nane utakuwa unacheza au unaota moto. Koti linakuja baadaye.

Na nguo bora ya kugusa ngozi tunayo karibu kila nyumba, tunaidharau tu. Ni jezi ya mpira. Ndiyo, jezi. Kitambaa chake ni cha poliesta, nyuzi zake hazinywi maji kama pamba. Jasho linasambaa juu ya kitambaa na kukauka upesi, badala ya kukaa limelowana kifuani kwako. Kama huamini, fanya nilichofanya mimi. Nilichukua tisheti yangu ya pamba na jezi ya mdogo wangu wa kiume, nikaziloweka zote kwenye ndoo moja, nikazikamua kwa nguvu ile ile, nikazianika kwenye kamba uani saa kumi na mbili jioni. Saa mbili usiku jezi ilikuwa imekauka, imebaki unyevu kidogo kwenye kola. Tisheti niliivaa kesho yake asubuhi, na kwapani bado palikuwa na ubaridi.

Sisemi uende kwenye shoo umevaa Simba au Yanga kifua mbele, maana utani hautakwisha, na wenyeji wa Dodoma Jiji nao watataka kujua umewaachaje. Jezi inavaliwa ndani. Tafuta ya rangi moja, inayokukaa karibu na mwili bila kukubana pumzi, juu yake weka shati la wazi, gauni au chochote unachotaka kionekane kwenye picha. Dada ambaye hataki mikono ya jezi ionekane apeleke kwa fundi ikatwe mabega, inakuwa kama singlendi. Ukinunua kwenye mitumba, angalia kile kilebo cha ndani. Kama kilebo kimekatwa, dondosha tone la maji juu ya kitambaa. Pamba inalinywa na kubaki na doa zito lililolowa. Kitambaa cha jezi kinalitandaza, na ukikipunga mara kadhaa unaona doa linapungua.

Ubaya wake nauweka wazi: jezi inanuka haraka kuliko pamba. Iende imefuliwa vizuri na imekauka juani. Usivae ile uliyochezea mpira juzi, watu wamebanana mle.

Nguo ya pili ndiyo ile ya kupendezea, na hapa sina shida na mtu. Vaa unavyotaka, ila pima kwa umati. Umati unabadilisha nguo kuwa kamba. Gauni lenye mkia litakanyagwa na mtu wa nyuma, na wewe utakuwa unaenda mbele. Mtandio uliozungushwa shingoni ukivutwa upande mmoja unakukaba, kwa hiyo utupie begani bila kuuzungusha, au ufunge kichwani. Hereni kubwa za duara zinanasa kwenye nywele za mwenzako au kwenye kidole cha mtu anayenyanyua mikono, na anayeumia ni sikio lako. Nguo inayobana tumbo na mbavu hadi huwezi kuvuta pumzi ndefu umekaa nyumbani, itakuwaje ukibanwa pia na watu pande nne?

Kipimo changu ni rahisi. Kabla ya kutoka, vaa kila kitu hadi viatu. Nyanyua mikono yote miwili juu kabisa, chuchumaa hadi chini, halafu mwambie mtu asimame nyuma yako akikanyaga ukaribu wa visigino vyako huku unatembea. Nguo ikipanda hadi unaona aibu, ikichanika mshono, au ikikanyagwa, hiyo ni nguo ya harusi ya ukumbini. Iache. Chini ya sketi au gauni weka taiti, itakusaidia na upepo na heshima kwa pamoja.

Nguo ya tatu ndiyo ya kuzuia upepo, na hii ndiyo watu wengi wanakosea kuichagua. Baridi ya Dodoma inakuja na upepo, na sweta la kufuma linapitisha upepo kama chandarua. Kinachofaa ni lile jaketi jepesi la kitambaa kinachochakarika ukilifinya, lenye zipu mbele, ambalo ukilikunja linakuwa dogo kama andazi kubwa. Ndani ya umati hulivai. Unalifunga kiunoni, fundo mbele, mikono yake umeichomeka ndani ya fundo isining'inie, mifuko yake haina kitu. Ukitoka tu kwenye umati, hata kama ni kwenda chooni, unalivaa na kufunga zipu kabla upepo haujakukuta. Ukisubiri hadi uhisi baridi umechelewa, maana joto limeshaondoka, na jaketi halitengenezi joto, linatunza lile ulilobaki nalo.

Kama huna jaketi, kanga mbili zilizokunjwa pamoja zinafanya kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Unajifunga moja kiunoni juu ya sketi, nyingine iko chini yake. Baridi ikija unaitoa moja, unaikunja mara mbili, unajitanda mabegani. Shuka la Kimasai nalo lina joto zuri sana, ila ni zito na kubwa, linafaa kwa mliokaa nyuma kabisa kwenye majani. Ukiingia nalo mbele utalikosa.

Sasa nije kwenye viatu, na hapa sicheki.

Usiku ule ule wa mdogo wangu, staa alipotokeza, watu wa nyuma walisukuma. Haikuwa ugomvi, ni ile kila mtu anataka kusogea hatua moja, na hatua moja ya watu elfu inakuwa wimbi. Mbele yangu kulikuwa na dada mmoja wa umri wa mdogo wangu. Mkanda wa sendo yake ulikatika, sendo ikabaki nyuma, naye akafanya kile ambacho wewe na mimi tungefanya bila kufikiri. Akainama kuiokota.

Hakuinuka. Wimbi la pili lilimpitia mgongoni akiwa ameinama, akapiga magoti, na watu wa nyuma hawakuwa wanamwona kwa sababu kichwa chake kilikuwa chini ya kiuno chao. Kaka wawili walipanua mikono wakageuza migongo yao kuzuia umati, mimi na mwanamke mwingine tukamnyanyua kwapani. Alitoka na mkono uliochunika na goti linalovuja damu, analia. Muda wote huo haukufika nusu dakika. Wale kaka wasingekuwepo, leo ningekuwa naandika kitu kingine.

Watu wanaosimamia usalama wa mikusanyiko wanasema kwamba wakishafika watu watano hivi kwenye eneo la mita moja kwa mita moja, mtu anaanza kupoteza uhuru wa kuchagua anaenda wapi. Umati unakubeba. Kwenye hali hiyo kiatu siyo urembo tena, ndicho kinachokushikilia wima. Kisigino chembamba kinazama kwenye majani na kuteleza kwenye changarawe. Sendo ya mkanda mmoja inakatika. Ndala inavuka ukikanyagwa tu nyuma. Unabaki mguu mtupu kwenye giza lenye vizibo vya chupa na vijiti vya mishikaki.

Vaa raba yenye kamba, iliyofunika kidole na kisigino, ambayo umeshaivaa wiki kadhaa hadi imezoea mguu. Fundo lifunge mara mbili, ncha za kamba zichomeke ndani. Vaa na soksi, kwa sababu ya malengelenge na kwa sababu vidole vya miguu ndivyo vya kwanza kupata baridi. Raba nyeupe sikukatazi, ila udongo wetu unaujua, utarudi nazo za rangi ya ugali wa mtama. Na kitu kikianguka katikati ya wimbi, kiwe kiatu, simu au wigi, kiache. Weka mikono kifuani kama bondia ili kulinda nafasi ya kuvuta pumzi, umati ukikusukuma nenda nao, na kila ukipata upenyo sogea kimshazari kuelekea pembeni. Kiatu kitanunuliwa.

Ndiyo maana pia sipendi mikoba. Mkono mmoja umeshika mkoba, mwingine umeshika simu, utajizuia na nini ukiyumba? Mpelekee fundi cherehani suruali au taiti yako akushonee mfuko mdogo wenye zipu upande wa ndani, kiunoni mbele. Simu, hela na ufunguo vinakaa humo, vinagusana na mwili wako, mkono wa mtu ukija utausikia. Hapa mtaani kwangu fundi alinitoza shilingi elfu mbili.

Mwezi wa nane mwaka huo huo tulitoka tena, safari hii mdogo wangu akakubali kuvalishwa. Tulizunguka mitumba tukampatia jezi ya bluu isiyo na maandishi kwa elfu tatu na jaketi jeusi la kuchakarika kwa elfu sita baada ya kubishana sana. Juu ya jezi akavaa shati refu la kitenge la wazi, ambalo alikuwa nalo, chini taiti nyeusi na sketi ya jinzi ile ile. Miguuni raba za chuo. Jumla na mfuko wa fundi ilikuwa elfu kumi na moja. Picha za getini alipiga bila jaketi, kitenge kinameremeta, na hakuna aliyemwambia amekuja amevaa kama anaenda shamba.

Saa nne alilowa jasho kama kawaida, hilo halikwepeki. Saa saba tulipotoka kununua maji alivaa jaketi akafunga hadi kidevuni. Baada ya robo saa akanishikisha jezi mgongoni, nikakuta imebaki unyevunyevu tu. Tulirudi mbele, tukakaa hadi wimbo wa mwisho.

Havikwenda vyote sawa. Kitenge kilivutwa pembeni na mshono wa mfuko ukafumuka, ningemwambia afunge ncha zake kwa fundo mbele. Jaketi lilimshuka kiunoni mara mbili kwa sababu kitambaa kile kinateleza, hadi tukalipitisha kwenye vitanzi vya mkanda vya sketi ndipo likatulia. Na mwezi wa kumi alipotaka kurudia mavazi yale yale nilimkataza. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja Dodoma mchana inapanda hadi nyuzi 31 hivi, na usiku unabaki kwenye 17 hadi 19. Hapo kanga moja inatosha badala ya jaketi, na taiti iwe nyepesi. Ikifika Desemba mvua zinaanza, lile jaketi linarudi, safari hii kwa ajili ya maji, na raba itafutiwe yenye soli ya meno maana tope letu linateleza.

Kuna safari moja ambayo wengi wanaisahau kabisa, nayo ni ya kurudi. Shoo imeisha saa kumi alfajiri, wakati ambao baridi iko karibu na kilele chake, umechoka, umelowa, unapanda bodaboda. Hata kama uwanjani upepo ulikuwa umetulia, bodaboda inakutengenezea wako. Kukaa nyuma ya dereva kwa mwendo wa kilomita arobaini kwa saa kunachukua joto haraka kuliko kusimama tu. Nimeona watu waliovumilia usiku mzima wakashushwa mlangoni hawawezi kufungua kufuli kwa sababu vidole vimekufa ganzi. Kabla ya kupanda, zipu juu, mtandio umefunika mdomo na kifua, maana na vumbi lipo. Kama mpo wawili au watatu, changeni mpande bajaji.

Najua kuna mtu atasema nimezeesha mtoko, kwamba ujana ni kuvumilia baridi kwa ajili ya kupendeza. Mimi namuuliza swali moja tu. Kiingilio ulilipa ili uonekane getini, au ili umwone yule anayepanda saa nane? Kama ni geti, piga picha zako urudi nyumbani kulala, utaokoa hata hela ya maji. Lakini kama ulikuja kwa ajili ya msanii wako, basi wewe ndiye uliyepaswa kuwa mbele wakati anaimba ule wimbo, umesimama kwa miguu yako yote miwili, una viatu vyote viwili.

Mdogo wangu siku hizi akitoka ananitumia picha ya raba kwanza, kisha ya gauni. Yule dada wa sendo sijawahi kumwona tena. Nilibaki na sendo yake, niliipata asubuhi karibu na ukuta wakati wanafagia, imekanyagwa hadi imekuwa bapa kama chapati.